Kuziba matundu ya nyaya na mabomba ili moto usihame chumba: mwongozo kamili

Ingia kwenye shafti ya umeme ya jengo la ghorofa, kile kichumba chembamba ambamo nyaya kubwa hupanda kutoka chini hadi juu. Zima taa, funga mlango, kisha mwambie mwenzako aliye ghorofa ya chini amulike tochi juu. Ukiona mwanga miguuni pako, moshi nao una njia hapo hapo.

Ndivyo ilivyotokea New York tarehe 13 Februari 1975, katika jengo la kaskazini la World Trade Center. Moto ulianzia ghorofa ya 11 usiku, ukahamia ghorofa nyingine kupitia matundu ya nyaya za simu yaliyoachwa wazi kwenye sakafu. Haukuhitaji kuivunja sakafu yoyote, kwa sababu watu wa simu walikuwa wameshaitoboa zamani.

Mwongozo huu unafuata jengo moja la ofisi la ghorofa nne jijini Dar es Salaam ambalo nilisimamia uzibaji wake. Slabu zake ni za zege la milimita 150. Kila ghorofa ilikuwa na tundu la shafti la milimita 600 kwa 300, bomba la maji taka la PVC la milimita 110, na mabomba ya shaba ya viyoyozi yanayopita kuta za korido. Ukiyaelewa hayo matatu, karibu kila tundu utakalokutana nalo ni ndugu yake mmojawapo.

Jiulize kwanza: hiki kitafanya nini kikiungua?

Kosa kubwa la mafundi ni kuliangalia tundu na kusahau kinachopita ndani yake. Tundu tupu kwenye ukuta wa zege si kazi: lijaze zege, umemaliza. Kazi ni kile kilichomo, maana kila kitu kina namna yake ya kuharibika motoni.

Waya wa umeme una ganda la plastiki na shaba katikati. Ganda huungua na kunywea, likaacha mwanya mwembamba kuuzunguka waya. Shaba hubaki, ikasafirisha joto hadi upande wa pili, na ganda la upande ule likaanza kutoa moshi hata kama mwali wenyewe haujafika. Bomba la PVC ni kinyume chake. Hulainika likiwa halijafika hata nyuzi 100 za Selsiasi, likalegea na kuanguka, na ndani ya dakika chache ulichokuwa umekiziba kwa ustadi kinakuwa tundu la milimita 110 lililo wazi kabisa. Bomba la chuma halianguki, lakini hupata moto kwa urefu wake wote, hutanuka, na husukuma kizibo. Na bomba la kiyoyozi limevikwa povu jeusi. Povu likiungua, shaba inabaki ikining'inia katikati ya duara tupu.

Kwa hiyo dawa hutofautiana. Waya unahitaji kitu kinachoushika kwa karibu na kinachovimba kidogo kufidia ganda lililonywea. PVC inahitaji kitu chenye nguvu ya kulikaba bomba mpaka lijifunge. Chuma kinahitaji kizibo kinachostahimili kusukumwa. Fundi anayebeba tyubu moja ya silikoni na kuitumia kila mahali hajaziba chochote, hata kama rangi yake ni nyekundu na imeandikwa "moto".

Si kila ukuta unahusika

Kuta za kuzuia moto ni zile zinazoligawa jengo kwa makusudi: kuta za ngazi, shafti, chumba cha umeme, chumba cha jenereta, jiko kubwa, korido za kukimbilia, kuta kati ya nyumba na nyumba, pamoja na slabu zote. Zimeandikwa kwenye ramani, kwa kawaida pamoja na muda wake: dakika 60, 90 au 120. Kama ramani haina kitu hicho, mwulize msanifu au mtu wa zimamoto kabla hujanunua hata tyubu moja. Ukuta unaotenganisha meza mbili za wahasibu hauna habari na moto.

Kwenye shafti kuna swali moja la ziada, na watu wengi hulichanganya. Unaweza kuziba kila slabu, na hapo shafti inakuwa vichumba vinne vilivyopangana. Au unaweza kuiacha wazi kutoka chini hadi juu na kuifanya shafti nzima kuwa bomba moja lenye kuta na milango ya kuzuia moto, ambapo unaziba pale nyaya zinapotoka kwenda kila ghorofa. Amua moja. Nimekuta jengo ambalo sakafu za shafti hazikuzibwa "kwa sababu kuta zinatosha", na kuta hazikuzibwa "kwa sababu sakafu zitazibwa".

Kisha panda ngazi, fungua ubao mmoja wa dari ya jipsam, na umulike juu. Ukuta wa korido ukiwa umeishia usawa wa dari badala ya kufika kwenye slabu, kuziba matundu ni kupoteza hela. Moshi utapita juu yake kama mtu anayeruka uzio mfupi. Mwambie mwashi apandishe kwanza. Kwenye jengo letu tulikuta vipande viwili hivyo, vyote juu ya milango, ambako mwashi alichoka kufikisha tofali la mwisho.

Kagua pia aina ya tofali. Kama ukuta ni wa bloku zenye uwazi ndani, tundu ulilotoboa linafungua njia ya kuingia kwenye uwazi huo, na moshi unaweza kuingilia hapa ukatokea mita mbili pembeni. Jaza uwazi kwa saruji na mchanga kuzunguka kingo zote za tundu, subiri ikauke, ndipo uzibe.

Karatasi ndiyo inayokupa vipimo

Hakuna bidhaa "ya saa mbili". Kuna mpangilio uliojaribiwa: ukuta wa aina fulani, unene fulani, tundu la ukubwa fulani, kitu fulani kinachopita, na bidhaa iliyowekwa kwa kina fulani. Mpangilio mzima huwekwa kwenye tanuru ambalo joto lake hupandishwa kwa utaratibu mmoja: karibu nyuzi 840 baada ya nusu saa, karibu 945 baada ya saa moja, na karibu 1,050 baada ya saa mbili. Ukibadilisha kipande kimoja cha mpangilio, jaribio lile si lako tena.

Mpangilio uliofaulu huandikwa kwenye karatasi ya jaribio, na hiyo ndiyo karatasi ninayoisema humu. Kwenye karatasi za Ulaya utaona herufi `EI` zikifuatwa na dakika. `E` ni kwamba mwali na gesi za moto hazikupenya. `I` ni kwamba upande wa pili haukupata joto zaidi ya nyuzi 180 juu ya lile la kuanzia. Karatasi za Kimarekani hutumia `F` kwa mwali na `T` kwa joto. Hizi za Kimarekani huja na namba za mfumo kama `C-AJ-2000` na kuendelea, na ukijua kuzisoma unaokoa muda dukani. Herufi ya kwanza ni mahali: `F` sakafu, `W` ukuta, `C` vyote viwili. Tarakimu ya kwanza ni kinachopita: 1 ni bomba la chuma, 2 ni la plastiki, 3 ni nyaya, 4 ni trei za nyaya, 5 ni bomba lenye vazi, 8 ni mchanganyiko. Muuzaji akikuletea karatasi ya `C-AJ-1` kwa ajili ya bomba lako la PVC, mrudishie.

Kwenye kila karatasi tafuta mambo manne: unene wa ukuta au slabu, ukubwa wa juu wa tundu, nafasi ya chini na ya juu kati ya kinachopita na ukingo wa tundu, na kina cha bidhaa pamoja na kilichowekwa nyuma yake. Tuliandika mambo haya manne kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila aina ya tundu, kisha tukayapima matundu yote kwa tepu. Kati ya matundu ya PVC, mawili yalikuwa yametobolewa kwa nyundo na kubaki na nafasi ya milimita 60 upande mmoja, wakati karatasi iliruhusu 25. Hayo yalijazwa zege kwanza mpaka yakafika kipimo.

Shafti, hatua kwa hatua

Tundu la milimita 600 kwa 300, trei moja, nyaya 14 zenye kipenyo cha wastani cha milimita 20. Tulitakiwa kupata dakika 120. Kwa kuwa mafundi huingia na kusimama ndani ya shafti, tuliacha bodi za pamba zilizopakwa rangi, ambazo ni nzuri ukutani lakini mtu akizikanyaga anaweza kutumbukia, tukachagua saruji ya moto. Hii ni unga mwepesi, mara nyingi wenye asili ya jasi, unaochanganywa na maji. Ikikauka inakuwa ngumu kiasi cha kukanyagwa, ikiwa karatasi yake inasema hivyo, na bado ni laini kiasi cha kutobolewa kwa mkono siku waya mpya ukija.

Kiasi kilihesabiwa kirahisi. Karatasi ilitaka unene wa milimita 100. Mita 0.6 kwa 0.3 kwa 0.1 ni lita 18. Nyaya 14 zinachukua chini ya lita nusu, kwa hiyo hazibadilishi kitu. Mfuko tulionunua ulitoa lita 20 hivi. Mfuko mmoja kwa ghorofa, na kidogo cha kupotea.

Siku ya kwanza ilikuwa ya usafi tu. Fundi umeme alikata umeme wa njia kuu, akathibitisha kwa kipimo, akafunga swichi kwa kufuli na kubaki na ufunguo mfukoni. Tukatoa kila kilichomo kwenye tundu. Hapa niruhusu kusimulia: ghorofa ya pili tundu lilionekana limeshazibwa, limepigwa plasta safi kabisa. Nilibonyeza kwa kidole gumba, plasta ikapasuka kama ganda la yai. Chini yake kulikuwa na mfuko wa saruji wa karatasi uliokunjwa mara nne, na chini ya karatasi hewa tupu hadi ghorofa ya kwanza. Plasta ile haikuzidi unene wa sarafu. Yaani tundu lilikuwa limewekewa kuni.

Piga kingo za zege kwa mswaki wa waya, futa vumbi, kisha loweka kingo kwa maji kidogo ili zege kavu isinyonye maji ya saruji yako kabla haijashika. Angalia maganda ya nyaya. Lenye jeraha lishughulikiwe sasa, na maungio ya waya yasibaki kamwe ndani ya kizibo.

Halafu zitenganishe nyaya. Kazi hii inachosha na ndiyo inayorukwa. Nyaya zilizofungwa pamoja kama mzigo wa kuni huacha mifereji midogo katikati yake, na moshi hupita mle mle hata kama umeziba vizuri kwa nje. Fungua vifungio sentimita 20 hivi juu na chini ya tundu, zitandaze kwenye trei, na zile zisizotengana zijaze silanti ya moto, gundi laini ya tyubu ya kuzibia mianya, katikati kwa bunduki mpaka uione ikitokeza upande wa pili. Kuna mipangilio iliyojaribiwa na mafungu ya nyaya yaliyofungwa. Kama wako ni huo, kipenyo cha fungu kimeandikwa kwenye karatasi.

Sasa sakafu ya kumwagia. Tulikata bodi ya pamba ya mwamba ya milimita 50, kubwa kuliko tundu kwa milimita 5 ili ijibane yenyewe, tukaipasua mahali pa trei na nyaya, tukaisukuma mpaka sura yake ya chini ikawa sawa na sura ya chini ya slabu. Milimita 50 za bodi na 100 za saruji zinakamilisha 150 za slabu. Sisitiza iwe pamba ya mwamba, kwa kuwa hiyo haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1,000. Pamba ya kioo, ile ya njano wanayoweka kwenye dari, hulainika na kuisha mapema zaidi. Mafundi wawili walishikilia ubao kwa chini mpaka saruji ikashika.

Changanya kwanza kiasi kidogo kizito kama ugali laini na ukibandike kwenye kingo zote na kuzunguka kila waya, ili kuziba mianya ya bodi. Baada ya dakika chache mimina kilichobaki, chepesi kama uji mzito, ukikisukuma kwa mwiko chini ya trei. Chini ya trei ndipo hewa hujificha. Trei ina matundu madogo; ukiona saruji inapanda kupitia matundu hayo, ujue chini pamejaa. Usiongeze maji kuliko yaliyoandikwa kwenye mfuko ili imiminike kirahisi, maana hunywea ikikauka na kuachana na zege pembeni.

Kesho yake pita kwenye kingo zote. Ufa mwembamba ukingoni ni jambo la kawaida, unazibwa kwa silanti. Ufa unaopita katikati kutoka upande hadi upande unamaanisha uivunje na urudie.

Kabla ya kumwaga, fikiria nyaya zijazo. Tuliacha dirisha la milimita 100 kwa 100 pembeni, likajazwa matofali laini yanayovimba kwa joto, ambayo huchomolewa na kurudishwa kwa mkono. Hilo liliruhusiwa na karatasi yetu. Kama yako inataka saruji tupu, usilete ubunifu.

Bomba la PVC na kola yake

Kola ni pete ya chuma yenye tabaka la ndani la kitu kinachovimba, mara nyingi grafiti. Joto likifika karibu nyuzi 200, tabaka lile huvimba mara nyingi ya unene wake. Pete ya chuma inalizuia lisiende nje, basi linakwenda ndani, likalikaba bomba lililokwisha kulainika mpaka likajifunga.

Ukielewa hivyo, masharti yote yanajieleza. Kwenye sakafu kola hukaa chini ya slabu, kwa sababu moto huja kutoka chini. Kwenye ukuta zinawekwa mbili, moja kila upande, maana hujui moto utaanzia chumba kipi. Na lazima ishikwe kwa bolti za chuma za kupanua, kila sikio la kola na bolti yake.

Fundi bomba wetu alikuwa amefunga kola tatu kwa skrubu na plagi za plastiki.

"Injinia, zimekaza, jaribu kuvuta," aliniambia.

Nikamwuliza, "Plagi ni ya nini?"

"Plastiki."

"Na bomba?"

Akacheka, akashuka kwenye ngazi kwenda kutafuta bolti. Kola iliyofungwa kwa plastiki huanguka kabla haijaanza kuvimba.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Safisha bomba, toa plasta na rangi zilizogandia mahali pa kola. Jaza nafasi kati ya bomba na slabu kwa saruji ya moto au silanti juu ya pamba ya mwamba, kwa kina cha karatasi. Watu huruka hatua hii wakisema kola itafanya kazi. Itafanya, lakini ikishapata joto. Moshi wa mwanzo, ambao bado ni wa baridi, utakuwa umeshapita kwenye mwanya na kujaza ghorofa ya juu. Kisha fungua kola, ivalishe bomba, ifunge, ipandishe mpaka iguse slabu, weka alama, toboa, piga bolti.

Ukubwa wa kola ni kipenyo cha nje cha bomba. Kola ya 125 kwenye bomba la 110 haiwezi kuvimba ya kutosha kufunga, na ukiikuta kiwiko au soketi ya bomba iko palepale kwenye slabu, kola ya kawaida haitoshi wala haikujaribiwa hivyo. Ama bomba lisogezwe ama utafute mpangilio uliojaribiwa na soketi. Jambo la mwisho: bomba la maji taka liko wazi juu ya paa, hivyo huvuta hewa kama dohani. Omba karatasi inayosema bomba lilijaribiwa likiwa wazi ncha zote mbili, alama yake ni `U/U`. Kola iliyofaulu kwa bomba lililozibwa ncha ina kazi nyepesi zaidi.

Shaba na chuma

Bomba la kiyoyozi lina povu jeusi, na si lazima kulikata povu ili shaba ipite tupu. Ukilikata maji yatadondoka korido nzima kwa unyevu. Kinachotumika ni mkanda unaovimba, unaozungushwa juu ya povu idadi ya mizunguko iliyoandikwa, ukaingizwa ndani ya ukuta sawa na uso wake, pande zote mbili, kisha silanti juu yake. Kibomba cha plastiki cha kutolea maji na waya wa kiyoyozi hupita tundu hilohilo. Hapo una mchanganyiko, na karatasi yako lazima iwe ya mchanganyiko. Mara nyingi ni rahisi zaidi kutoboa matundu mawili.

Bomba tupu la chuma kwenye ukuta wa zege au tofali ni tundu rahisi kuliko yote. Hata kanuni za Marekani zinakubali saruji na mchanga ya kawaida kuzunguka bomba la chuma lisilozidi inchi 6, mradi tundu ni dogo na saruji imejaa unene mzima wa ukuta. Nasema hivi kwa sababu wapo wasimamizi wanaolazimisha dawa ya bei ghali kila mahali, fedha zikaisha kabla ya kufika kwenye PVC.

Fomu ya kupulizia

Fomu ya kawaida, lile povu la kopo linaloganda likishapulizwa, ni mafuta yaliyokaushwa. Fomu ya pinki inayouzwa kama ya moto imejaribiwa, kwa kawaida, kwenye mianya myembamba kama ile ya pembeni ya fremu ya mlango. Haijajaribiwa kwenye tundu la milimita 600 lenye nyaya 14. Soma nyuma ya kopo.

Fomu ndiyo iliyoleta balaa la mtambo wa nyuklia wa Browns Ferry, Alabama, tarehe 22 Machi 1975. Mafundi walikuwa wakikagua kama hewa inavuja kwenye vizibo vya nyaya kati ya chumba cha nyaya na jengo la kinu. Walikagua kwa mshumaa: mwali ukiinama, hewa inapita. Ukainama kweli, ukavutwa ndani, ukawasha fomu iliyotumika kuziba. Moto ulidumu kwa saa kadhaa na nyaya zaidi ya 1,600 ziliharibika.

Silanti nayo ina ugonjwa wake hapa kwetu. Tyubu za akriliki zina kikomo cha joto la kuhifadhia, na kontena la bati la saiti saa nane mchana Dar linakipita kikomo hicho kwa mbali. Ikitoka na mabonge au maji yametengana, itupe. Na akriliki haifai mahali penye maji. Bafuni na nje tumia silikoni ya moto.

Kukagua bila mshumaa

Rudia jaribio la tochi gizani, kila tundu. Baada ya hapo shika kipande chembamba cha tishu karibu na kizibo wakati feni ya chumba cha upande wa pili inafanya kazi. Ikitikisika, kuna mwanya. Gonga kwa kidole na usikilize kama kuna utupu. Kisha, kwa kila aina ya tundu, chagua moja au mawili mwenyewe, mafundi wasijue mapema, uyakate kwa kisu mpaka ndani na upime kina kwa rula. Tulipokata silanti ya kwanza ya ukutani tulikuta milimita 8 mahali palipotakiwa 25, na nyuma yake gazeti. Tulifungua zote za fundi yule, 11, na 9 zilikuwa hivyo. Zile za mwenzake zilikuwa sawasawa kwa milimita.

Piga picha kabla ya kuziba, pamba ikiwa imewekwa, na baada ya kumaliza. Picha ya mwisho peke yake haionyeshi kitu, kwa sababu kizibo kibaya na kizuri vinafanana usoni.

Bandika lebo kando ya kila tundu: namba ya tundu, namba ya karatasi ya jaribio, bidhaa, tarehe, jina la aliyeweka, na maneno "Usitoboe bila kumwarifu msimamizi wa jengo". Namba hiyohiyo iandikwe kwenye ramani anayokaa nayo mlinzi mkuu au ofisi ya jengo.

Lebo hiyo inamlenga mtu mmoja hasa: kijana wa intaneti. Miezi mitano baada ya kukabidhi jengo nilirudi kwa shughuli nyingine, nikapita shafti ya ghorofa ya tatu. Matofali laini mawili yalikuwa sakafuni, waya mpya wa faiba umepita dirishani, na mwanga wa ghorofa ya pili unaonekana. Hakutoboa saruji, alitumia dirisha kama tulivyokusudia. Hakujua tu kurudisha. Nilikata tofali moja kwa kisu kuufuata mzunguko wa waya, nikayasukuma yote mawili mahali pake, nikapaka silanti kuuzunguka waya, na kuandika tarehe mpya kwenye lebo. Dakika kumi. Kisha nikamwomba msimamizi aning'inize kisu, tyubu ya silanti na maelekezo ya mistari mitatu ndani ya mlango wa shafti, na funguo zisitolewe kwa fundi yeyote kabla hajasaini namba za matundu atakayogusa.